Ile "kwako" ya shemeji

Jumamosi moja tulikwenda na shemeji yangu kwenye vibanda vya kazi za mikono nyuma ya Jumba la Taifa la Maigizo hapa Kampala. Yeye kwao ni Arua, anauza vitenge Kikuubo, na alinisindikiza kwa sababu anaamini mwalimu wa falsafa akiachwa peke yake na muuzaji atanyolewa mchana kweupe. Nilikuwa natafuta kitambaa cha lubugo, kile kinachotokana na gome la mti wa mutuba. Mama muuzaji akakunjua kimoja, akakielekeza mlangoni ili mwanga ukipitie kwa ubavu, nami nikaropoka: "Hiki ni kizuri." Shemeji akasema: "Kizuri kwako."

Hiyo "kwako" imenikaa kooni wiki ya pili sasa. Wanafunzi wangu hunirushia swali hilohilo kila muhula, kwamba kila mtu si ana ladha yake, na mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant, alilikalia kitako katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu. Wacha nimjibu shemeji hapa, maana pale kibandani nilimjibu vibaya.

Tuanze na mahali ambapo "kwako" ni halali kabisa. Novemba ikifika, mimi na senene wa kukaanga na kitunguu hatutengani. Mke wangu hawataki hata kuwaona. Yeye kwake ni kumbikumbi. Nikisema senene ni watamu naye akanisahihisha, "watamu kwako," sina cha kubisha. Kipenda roho hula nyama mbichi, na hakuna anayemdai mwenzake ale naye. Kant alitumia mfano wa divai ya Visiwa vya Kanari: anayesema ni tamu hukubali bila shida kuongezewa "kwangu". Lakini, akasema, mtu akilitazama jengo, vazi au shairi kisha akatamka "hili ni zuri kwangu," anachekesha. Kama kinampendeza yeye tu, basi asikiite kizuri. Aseme kinampendeza, yaishe.

Kiswahili chetu hapa kinatutega kidogo. Neno "-zuri" tunalibebesha kila mzigo: chakula kizuri, daktari mzuri, bei nzuri. Kant alitenganisha mambo matatu ambayo kwa lugha yetu tungeweza kuyaita kitamu, chema na kizuri. Kitamu hufurahisha hisi zangu. Chema hukubaliwa na akili kwa sababu kinafaa kwa jambo fulani au kinastahili chenyewe. Kizuri, kwa maana finyu anayoitaka yeye, hupendeza katika kutazamwa tu, pasipo mimi kuwa na maslahi nacho.

Neno hilo "maslahi" ndilo linalovurugwa zaidi. Wengi hudhani Kant anamtaka mtazamaji asiyejali, aliyepoa kama uji wa jana. Sivyo. Furaha yaweza kuwa kali sana. Asichokitaka ni furaha inayotegemea kuwepo kwa kitu hicho: nikipate, kinifae, kinipe sifa. Mfano wake ni jumba la kifahari. Ukimwuliza mtu kama ni zuri, naye akakujibu kwamba matajiri wanapoteza jasho la watu kwa mambo yasiyo na haja, amesema kweli, ila hajajibu swali. Kant anaongeza kwamba hata yeye, akiwa kisiwani peke yake bila tumaini la kuonana na watu tena, asingejisumbua kulileta jumba kama hilo kwa kutamani tu, ikiwa tayari ana kibanda cha kumtosha. Na bado swali la uzuri wake lingebaki palepale.

Sasa turudi kwenye kitambaa. Lubugo hupatikana kwa kubandua gome la ndani la mutuba na kulitwanga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, ndani ya banda lililo wazi ubavuni ili lisikauke upesi. Nyundo huacha mistari myembamba inayokwenda sambamba, kama mchanga uliopitiwa na maji. Kile alichokishika yule mama kilikuwa na tundu katikati, mahali gome lilipokuwa na kasoro, na fundi alikuwa ameliziba kwa kiraka cha lubugo kilichoshonwa kwa ukindu. Mistari ilifika kwenye kiraka, ikakatika, ikageuka upande kidogo ndani yake, kisha ikaendelea ng'ambo ya pili kana kwamba haikukatizwa. Jicho langu lilifuata mstari, likaupoteza, likaupata, likarudi nyuma kuhakikisha. Sikuwa natafuta kitu, ila sikuweza kuacha.

Hicho ndicho Kant anakiita mchezo huru. Kwa kawaida uwezo wetu wa kuunda taswira hukusanya kinachoonekana, na uwezo wa kuelewa hukifunga kwa dhana: hiki ni kitambaa, hiki ni kiraka, songa mbele. Mbele ya kitu kizuri viwili hivyo vinapatana na kuchocheana bila dhana yoyote kufunga kazi. Kunaonekana mpangilio, lakini ukiulizwa kanuni yake huwezi kuitaja.

Pale kibandani tulikuwa watu watatu. Shemeji aliona bei na kama mali hiyo ingetoka haraka dukani. Mama muuzaji alikipapasa akasema ni chema, kimelainika, kinafaa hata kumsitiri marehemu, maana Waganda hukitumia lubugo mazishini. Hiyo nayo ni hukumu ya haki, ila inapima kitu kwa kazi yake. Kwa Kant, nikisifu uzuri wa kitu kwa kukipima na kile kinachopaswa kuwa, huo ni uzuri unaotegemea dhana, na anautenga na uzuri ulio huru.

Nami je? Nilijiona nimesimama upande wa mtazamaji safi, lakini si kweli kabisa. Nilitaka kitambaa kile ukutani ofisini, wageni wakione. Nilijipima kwa njia mbili ninazowafundisha wanafunzi. Je, ningeendelea kutazama kama kingekuwa kimeshauzwa? Na je, ningekitazama kama hakuna mtu angejua kamwe kwamba nimekipenda? La kwanza nadhani ningejibu ndiyo. La pili lilinichelewesha. Vipimo hivyo havitoi cheti, kwa sababu mtu hana dirisha la kuyaona maslahi yake yote, na Kant mwenyewe anakubali kwamba anayedai anahukumu uzuri anaweza kuwa amekosea. Anayekosea hapo amekosea kuhusu chanzo cha furaha yake. Dai lenyewe linabaki kuwa la aina ileile.

Dai gani? Hapa ndipo shemeji anapostahili jibu la moja kwa moja. Niliposema "ni kizuri," sikubashiri kwamba kila mtu atakipenda. Ubashiri ungeshindwa palepale, maana yeye hakukipenda. Nilichofanya ni kumdai: kwamba anapaswa kukiona, na asipokiona kuna kitu kimempita. Kant anaiita sauti ya wote. Ni madai ya ajabu, kwani yanamfunga mwingine kama hoja ilhali hayana uthibitisho. Huwezi kuanza na kanuni "vitambaa vyote vyenye mistari sambamba ni vizuri" ukashuka hadi kwenye hiki. Wala huwezi kuhesabu kura. Watu 100 wakilisifu jengo, asema Kant, hawawezi kumlazimisha mmoja alione zuri.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwambia shemeji kwamba mwaka 2005 Unesco iliutangaza ufundi wa lubugo kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Akanitazama kama mteja aliyemtajia bei ya Dubai. Alikuwa na haki. Unesco inaweza kunifanya niende kutazama. Haiwezi kutazama kwa niaba yangu. Jibu sahihi lingekuwa kumvuta mkono na kumwonyesha mstari unapokatika pale kwenye kiraka. Mabishano ya ladha yana nyenzo hiyo tu: angalia hapa, sasa angalia kutokea huku.

Lakini je, Kant ana haki ya kutupatia dai hilo? Hoja yake ya kwanza ni ya haraka mno. Anasema kwamba mtu asipoona sababu yoyote ya binafsi katika furaha yake, hana budi kuamini kwamba chanzo chake kiko kwa kila mtu. Mimi napenda rangi ya lubugo, ule wekundu wa udongo, na nashuku ni kwa sababu nimekulia Busia nikitimua vumbi la rangi hiyohiyo njia nzima ya shule. Sitaki kuimiliki rangi, hainipi faida, na bado ni yangu binafsi. Kukosa maslahi hakunifikishi kwa watu wote. Kant angejibu kwamba rangi ni mvuto tu, tazama umbo. Kwa mistari ya nyundo nadhani jibu hilo linatosha, kwa rangi linaniacha na kiu.

Hoja yake ya pili ina uzito zaidi. Uwezo wa kuunda taswira na wa kuelewa ndivyo vilevile tunavyotumia kujua kitu chochote, na kwa kuwa tunaweza kupeana maarifa, lazima viwe kwa kila mtu. Basi na furaha ya kupatana kwao inaweza kushirikiwa. Kasoro ya hoja hii inajulikana: kama kila kinachojulikana kinahitaji upatanifu huo, mbona ndoo ya plastiki si nzuri? Kant anasema upatanifu una viwango, na kimoja kinafaa kuliko vingine. Sawa, ila hajatuonyesha kwamba kiwango hicho huamshwa na kitu kilekile kwako na kwangu. Mimi naishia kukubali kwamba dai lina maana, bila kukubali kwamba amelithibitisha.

Shemeji hakuwa amesoma haya yote, ila alikuwa na hoja kali kuliko zangu. Tukiwa njiani aliniambia: "Mwalimu, wewe mshahara unaingia hata ukitazama mistari. Mimi nikitazama mistari, watoto hawali." Mwaka 1979 mwanasosholojia Mfaransa, Pierre Bourdieu, alitoa kitabu kizima chenye shutuma hiyo: kutazama bila maslahi ni anasa ya aliyekwisha kushiba, kisha anaiita ladha ya binadamu wote. Kant mwenyewe aliandika kwamba njaa ni mpishi bora, na kwamba ni baada ya haja kutoshelezwa ndipo unapoweza kumtambua mwenye ladha katika umati. Alikitaja kama kipimo, hakukiona kuwa tatizo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hata hivyo fundi aliyekishona kile kiraka hakuwa na mshahara wa chuo, na tundu lingezibwa vilevile hata kama asingehangaika kuipatanisha mistari.

Kabla hatujaondoka nilimvuta shemeji, nikamwonyesha kiraka. Akainama, akapitisha kidole kwenye mshono, akarudia tena polepole. "Aisee, hapa wameliziba tundu," akasema, na akanyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake. Kisha akainuka, akamgeukia yule mama: "Mama, kitambaa chako kimetoboka." Tukapunguziwa shilingi 15,000.