Mkeka: odi zinazidishwa, na makato nayo yanazidishwa

Mkeka ni tiketi moja ya kubeti yenye mechi kadhaa, na ili ulipwe ni lazima zote zitiki. Mechi moja ikigoma, mkeka umechanika. Odi zake, yaani namba zinazozidisha dau lako ukishinda, huzidishwa zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana buku moja huonekana linaweza kugeuka laki sita. Hesabu hiyo ni ya kweli. Kisichoonekana kwenye tiketi ni kwamba makato ya kampuni yanazidishwa pamoja nazo.

Chukua mechi ambayo ova 2.5, yaani mabao matatu au zaidi, na anda 2.5, yaani mabao mawili au pungufu, zina nafasi sawa, nusu kwa nusu. Odi ya haki ni 2.00, lakini kampuni inaweka 1.90 pande zote mbili. Unaweza kuyaona makato hayo mwenyewe: gawa 1 kwa kila odi, kisha jumlisha majibu. Hapa unapata 0.526 mara mbili, yaani 1.052. Pasingekuwa na makato, jumla ingekuwa 1 kamili. Ukibeti hivi mara nyingi, kila shilingi 1,000 unayoweka inakurudishia wastani wa shilingi 950.

Sasa panga mechi tano za namna hiyo. 1.90 ikizidishwa mara tano inafika 24.76, wakati odi ya haki ni 32. Wastani wa kinachorudi kwa kila 1,000 umeshuka hadi 774. Zikiwa kumi, mkeka unasoma odi 613, lakini nafasi ya zote kutiki ni moja kati ya 1,024. Hapo wastani ni 599 tu. Takriban 400 zimebaki kwa kampuni.

Sababu yake ni hii. Mechi ya kwanza ikitiki, dau na faida yake yote vinawekwa tena kwenye ya pili, kisha ya tatu, hadi mwisho. Ni kama gunia la mahindi linalopita vizuizi kumi vya ushuru, na kila kizuizi kinachota sehemu moja ya ishirini ya kilichobaki. Wakiwa na gunia lilelile, waliobeti mechi moja wamepita kizuizi kimoja.

Kwa hiyo ile timu "ya uhakika" ya odi 1.15 inayoongezwa mwishoni ili kunenepesha mkeka nayo ina kizuizi chake. Mimi naiona ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu inaongeza malipo kidogo na hakuna anayeihesabu kama gharama.

Kuna pia bonasi ya mkeka. Tuseme kampuni inaongeza asilimia 10 kwenye malipo ya mechi tano. Odi yako ya 24.76 inakuwa kama 27.24. Ya haki bado ni 32.