Tarakimu si namba: kwa nini kurasa 300 zinataka tarakimu 792

Simama kwenye foleni ya kusajili laini ya simu hapa Dodoma mjini, utasikia mtu anaambiwa, "Taja namba zako za NIDA." Naye anaanza kutaja, moja baada ya nyingine, mpaka zinafika ishirini. Jamani, hakuna mwenye namba ishirini za NIDA. Kila mmoja wetu ana namba moja tu, na namba hiyo ina tarakimu 20. Kwenye foleni kosa hili halimuumizi mtu, maana pande zote mbili zinajua kinachotakiwa. Linaanza kuumiza pale kazi inapolipwa kwa kuhesabu, mmoja akiwa anahesabu tarakimu na mwenzake anahesabu namba, na wote wawili wanaita walichohesabu "namba".

Maana yenyewe ni fupi. Tarakimu ni alama za kuandikia, na ziko kumi tu: kuanzia 0 mpaka 9. Namba ni kile kinachoandikwa kwa alama hizo, na namba hazina mwisho. Namba 7 inaandikwa kwa tarakimu moja, 45 kwa tarakimu mbili, 300 kwa tarakimu tatu, ambazo ni 3 na 0 mbili. Chanzo cha mkanganyiko nadhani ni zile namba tisa za mwanzo. Kuanzia 1 hadi 9, namba na tarakimu zinafanana kabisa kwa macho, na mtoto anazizoea hivyo kabla hajavuka kumi. Akishavuka, vitu hivyo viwili vimeachana, ila neno linabaki lilelile.

Sasa tuchukue kazi ambayo inaonesha tofauti hiyo kwa shilingi. Tuseme kuna kikundi cha kuweka na kukopa pale Kibaigwa, watu wa sokoni kwenye mahindi, wamenunua daftari kubwa la kumbukumbu za fedha lenye kurasa 300. Kabla halijaandikwa chochote, kila ukurasa unatakiwa uwe na namba yake, 1 mpaka 300, ili siku mtu akichomoa karatasi mkaguzi aone namba zimeruka. Katibu analipeleka daftari kwa fundi mwenye mihuri midogo ya mpira, kila muhuri na tarakimu yake, na pedi ya wino. Fundi anasema, "Namba moja shilingi ishirini." Katibu anapiga 300 mara 20, anapata 6,000, anaondoka ameridhika. Akirudi jioni anadaiwa 15,840.

Fundi si mwizi. Yeye kagonga muhuri mara 792, na kila pigo moja ndilo alilokuwa analiita namba. Katibu naye yuko sahihi kwamba daftari lina namba 300. Wangetumia neno tarakimu asubuhi, ugomvi wa jioni usingekuwepo.

Hiyo 792 inatoka wapi? Watu wengi hugawa kurasa kwa mafungu. Ukurasa wa 1 hadi wa 9 unakula tarakimu moja moja, jumla 9. Ukurasa wa 10 hadi wa 99 ni kurasa 90, kila mmoja tarakimu mbili, jumla 180. Kufikia hapo ni 189. Zinabaki za tarakimu tatu, kuanzia 100 hadi 300, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanachukua 300, wanatoa 100, wanapata 200, wanazidisha kwa tatu, wanaongeza 189, jibu linakuja 789. Limepungua kwa tarakimu tatu.

Ukitoa 100 kwenye 300 umeutupa ukurasa wa 100 wenyewe pamoja na zile 99 zilizoutangulia. Cha kutoa ni zile ambazo umeshazihesabu, yaani 99, na si 100. Basi 300 toa 99 ni 201, mara tatu ni 603, ongeza 189 unapata 792. Kosa hili huwezi kulinusa kwa kuangalia jibu, kwa sababu 789 inaonekana safi kama 792. Unaligundua kwa kurudi nyuma. Chukua 789, toa 189, zinabaki 600. Gawa kwa tatu, ni kurasa 200 za tarakimu tatu. Ongeza kurasa 99 za mwanzo. Unapata 299. Yaani hesabu hiyo ni ya daftari lenye ukurasa mmoja pungufu. Fanya vivyo hivyo na 792: toa 189 zinabaki 603, gawa kwa tatu ni 201, ongeza 99, unafika 300 barabara. Na kama baada ya kutoa 189 kinachobaki hakigawanyiki kwa tatu, ujue kuna mahali umeharibu, maana hakuna ukurasa unaoandikwa kwa tarakimu tatu kasorobo.

Mimi binafsi napenda njia nyingine, kwa kuwa inamlazimisha mtu afikirie tarakimu badala ya namba. Usitazame kurasa, tazama nafasi. Kila ukurasa, hata wa kwanza, una tarakimu kwenye nafasi ya mamoja: hizo ni 300. Nafasi ya makumi inaanza kujazwa ukurasa wa 10, kwa hiyo kurasa tisa hazina, zinabaki 291. Nafasi ya mamia inaanza ukurasa wa 100, kurasa 99 hazina, zinabaki 201. Jumlisha 300, 291 na 201. Ni 792 tena, na huna haja ya kukumbuka mafungu yoyote.

Kuna anayejibu haraka kwamba ni 900, kwa sababu 300 ina tarakimu tatu na kurasa ni 300. Amehesabu kama vile ukurasa wa kwanza umeandikwa 001. Usimcheke, kwani kuna mahali ambapo jibu lake ndilo sahihi. Vitabu vya risiti vinavyochapishwa kwa mashine ya kupiga namba huwa na sifuri hizo za mbele. Sifuri hizo haziongezi thamani ya namba hata kidogo, 7 na 007 ni namba ileile, lakini kwenye karatasi ni tarakimu zinazokula wino kama nyingine. Ziko ngapi kwenye daftari letu? Kurasa tisa za mwanzo zingekuwa na sifuri mbili mbili, hizo 18. Kurasa 90 zinazofuata zingekuwa na moja moja, hizo 90. Jumla 108, na 900 ukitoa 108 unabaki na 792.

Mashine hiyo pia inatufundisha jambo kuhusu bei. Magurudumu yake yamepangwa pembeni kwa pembeni, kila moja lina tarakimu kumi, na ukibonyeza mara moja namba nzima inatoka. Mwenye mashine akikutoza kwa namba ana haki, maana kazi yake ni kubonyeza mara 300, iwe ukurasa wa 8 au wa 288. Mwenye mihuri ya mojamoja hana jinsi hiyo. Kwake ukurasa wa 288 ni kazi mara tatu ya ule wa 8. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi kabla ya bei ni anatumia nini.

Na kama bado mtu anabisha kwamba tarakimu na namba ni mamoja, mwambie aangalie mihuri yenyewe baada ya kazi. Namba 300 kila moja imeandikwa mara moja tu, hakuna iliyopendelewa. Mihuri haikugongwa sawa. Ule wa 1 umegonga mara 160: mara 30 kwenye mamoja, mara 30 kwenye makumi, na mara 100 kwenye mamia, kuanzia ukurasa wa 100 hadi wa 199. Wa 2 nao 160, kwa sababu hiyohiyo, kutoka 200 hadi 299. Wa 3 umeambulia 61, ile moja ya ziada ikiwa ni ya ukurasa wa mwisho. Kuanzia 4 hadi 9 kila muhuri umegonga mara 60. Wa sifuri ndio umepumzika kuliko yote, mara 51, kwa sababu sifuri haianzi namba yoyote hapo. Jumlisha: 160, 160, 61, sita za 60 ambazo ni 360, na 51. Zinafika 792. Fundi anayefanya madaftari ya ukubwa huu kila wiki atanunua mihuri ya 1 na 2 mipya huku ule wa sifuri ukiwa bado haujachakaa, na hilo huwezi kulieleza kwa kuhesabu namba.

Hesabu yote hii ni ya daftari ambalo kila ukurasa umegongwa. Kitabu cha kusoma kinachotoka kiwandani hakiko hivyo. Ukurasa wa jina la kitabu kwa kawaida hauandikwi namba ingawa unahesabiwa, kurasa tupu nazo huachwa, na zile za dibaji mara nyingi hupewa namba za Kirumi, ambazo hazitumii nafasi za mamoja na makumi kabisa. Ukichukua kitabu cha namna hiyo chenye kurasa 300 ukakuta tarakimu zake hazifiki 792, usidhani kanuni imevunjika. Na tusichanganye ukurasa na karatasi: kurasa 300 ni karatasi 150, kila karatasi ina pande mbili. Fundi akigonga upande mmoja tu, 1 hadi 150, atamaliza kwa tarakimu 342.

Kwa hiyo yule anayesema daftari la kurasa 300 "lina namba 792" hajakosea kujumlisha. Jibu lake ni zuri, ila ameliita kwa jina la kitu kingine tu. Daftari lenye namba 792 lina kurasa 792, na ukilipeleka kwa fundi yuleyule wa mihuri, atagonga mara 2,268.