Ukiona 56, tafuta laini ya penseli

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa stafurumu hapa Kisumu na bando la karatasi za gredi ya saba, jua limeingia dirishani, na hiyo jua ndiyo ilinisaidia kuona kitu nilikuwa nimekipita kwa karatasi kama kumi hivi. Laini ya penseli, nyembamba sana, katikati ya shepu. Mtoto ameichora, akahesabu, halafu akaifuta na raba kwa sababu mtu aliwaambia wasichafue swali. Mimi nakuja na peni nyekundu naona jibu tu, naweka kosa, naenda.

Swali lenyewe ni lile la kawaida. Shamba la umbo la L. Upande wa chini mita 12, upande wa kushoto mita 10, halafu kona ya juu kulia imekatwa, mkato una upana wa mita 5 na kimo cha mita 4. Tafuta eria, tafuta perimita. Pande mbili hazijaandikwa, mtoto azitafute mwenyewe: ule wa juu ni 12 toa 5, yaani 7, na ule wa kulia ni 10 toa 4, yaani 6.

Eria haina shida sana. Anayegawa na laini ya kusimama anapata mistatili miwili, 7 mara 10 na 5 mara 6, ni 70 na 30, jumla 100. Anayegawa na laini ya kulala anapata 12 mara 6 na 7 mara 4, 72 na 28, bado ni 100. Mwenye akili ya haraka anachukua mstatili mzima 120 anatoa ile kona ya 20. Zote tatu ni sawa na zote zinapata maki kamili, hata kama kwa skimu yako ya kusahihisha uliandika njia moja tu.

Shida inaanza kwa perimita, kwa sababu mtoto ameshakata shepu kichwani na hawezi kuirudisha ikawa moja. Perimita ya kweli ni 12 na 10 na 7 na 4 na 5 na 6, jumla 44. Lakini yeye anachukua vipande vyake viwili, anatafuta perimita ya kila kimoja, anajumlisha. Mwenye laini ya kusimama: 34 na 22, anapata 56. Mwenye laini ya kulala: 36 na 22, anapata 58.

Sasa toa 44 kutoka hapo. 56 imezidi kwa 12, 58 imezidi kwa 14. Gawanya kwa mbili unapata 6 na 7, na hizo ndizo urefu wa zile laini za penseli! Laini ya kusimama ina mita 6, ya kulala ina mita 7. Kila kipande kinahesabu ile laini mara moja, vipande ni viwili, kwa hivyo inaingia mara mbili. Yaani hata kama mtoto amefuta mpaka karatasi imetoboka, jibu lake linakuambia alikata wapi. Wengine wanaikumbuka nusu nusu, wanazunguka shepu vizuri halafu wanaongeza ile laini mara moja, hao utawaona na 50 au 51.

Na ukiona 31, usisumbuke kutafuta laini. Huyo amejumlisha tu namba zilizoandikwa, 12 na 10 na 5 na 4, hakujua kuna pande mbili hazina namba. Hilo ni kosa lingine kabisa na linafundishwa tofauti.

Hii mbinu inafanya kazi kama umeset swali vizuri. Zamani nilikuwa naweka kushoto 9 badala ya 10, halafu upande wa kulia unatoka 5, na mkato nao ni 5, sasa ukiona 5 kwa hesabu ya mtoto hujui ni gani. Nilijisumbua hivyo miaka mingi tu. Weka namba ambazo kila upande ni tofauti na mwenzake.

Tukirudi kwa maki. Laini yenyewe siipi maki, kuchora si kuhesabu. Lakini inanisaidia kusoma kazi. Chukua mtoto aliyeandika eria ni 120. Kama ameandika 12 mara 10 peke yake, hakuona mkato, hapo hakuna M1, yaani maki ya njia. Lakini kuna mwingine ana laini ya kusimama, ameandika 7 mara 10 ni 70, 5 mara 10 ni 50, jumla 120. Jibu ni lile lile, lakini huyu amegawa sawa, kipande cha kwanza ni sahihi, kosa lake ni kuchukua kimo cha 10 kwa kipande ambacho kina 6. Huyo nampa M1 ya kipande cha kwanza. Kuna pia wa 142, na huyo ukiinamisha karatasi utakuta laini mbili, ya kusimama na ya kulala, akachukua 70 ya laini ya kusimama na 72 ya laini ya kulala. Ile 42 iliyozidi ni kona ya chini kushoto, 7 mara 6, ameihesabu mara mbili.

Kwa perimita mimi hutoa B1 kwa kupata 7 na 6, M1 kwa kujumlisha pande za nje pekee, na A1 kwa 44. Wa 56 anabaki na B1. Mwenzangu mmoja anasema wa 50 apewe M1 kwa sababu ameongeza upande mmoja tu, tulibishana mpaka chai ikapoa. Mimi sikukubali, laini ya ndani si upande wa shamba, iwe umeihesabu mara moja au mbili.

Siku ya kurudisha karatasi nikawaambia darasa, fikirieni mnaweka seng'enge kuzunguka shamba, nani anaweka seng'enge katikati? Nilidhani nimemaliza. Kijana mmoja akainua mkono, "Tichaa, kwetu iko hapo katikati, yetu na ya baba mdogo." Darasa likacheka, na mimi pia, kwa sababu hata kwetu Vihiga ni hivyo hivyo. Ikabidi niseme shamba ni la mtu mmoja na bado hajaligawia watoto.

Siku hizi nawaambia wasifute. Chora laini yako, iwe ya vipandevipande ndiyo ionekane si upande, na ukifika kwa perimita pitisha kidole nje ya shepu kuanzia kona moja mpaka urudi pale pale, upande ambao kidole hakijagusa usiuandike. Umbo hili lina pande sita, kwa hivyo lazima namba ziwe sita. Na wale wanaotuma kazi kwa picha ya Wotsapu nawaomba wakaze penseli kidogo, maana hiyo laini kwa picha haionekani kabisa. Ya karatasi angalau naweza kuwasha tochi ya simu kwa upande na nikaona alama ilipokandamizwa.