Dola ikifungwa bei, je, bidhaa za nje hushuka?

"Serikali ikiifunga dola kwa bei moja, si bidhaa za nje zitabaki nafuu?"

Bei ya dola iliyoandikwa benki hukusaidia tu kama mwagizaji anaipata dola yenyewe. Tanzania mwaka 1984, bei rasmi ilikuwa kama shilingi 17, lakini dola za benki zilikuwa haba na ziligawiwa kwa kibali. Sabuni na nguo zikaadimika, watu wakapanga foleni. Mwaka huohuo serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Maduka yakajaa, ila kwa bei ya magendo. Tuseme dola mitaani ni shilingi 100: shati la dola 5 limemgharimu mwagizaji 500 kabla ya usafiri. Hesabu ya 85 kwa bei rasmi ilibaki kwenye karatasi.

Oman imefunga riali yake kwa dola kwa bei ileile tangu 1986 na imefaulu, kwa sababu mafuta huiletea dola za kumtosha kila anayezitaka.

Dola inayoelea, yaani ile ambayo bei yake huachiwa soko, ikipanda hupandisha bei za bidhaa waziwazi, tena hupandisha haraka kuliko inavyoshusha, maana muuza duka hana haraka ya kupunguza.