Chai ikimwagikia laptopu, kata umeme kabla ya kufuta

Mwezi uliopita dada mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliniletea laptopu iliyomwagikiwa nusu kikombe cha chai ya maziwa. Aliifuta kibodi kwa khanga, akaona bado inawaka, akaendelea na kazi yake. Siku ya tatu ikazima. Nilipoifungua nilikuta ukoko wa kijani kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa umeme ulio ndani, karibu na tundu la chaja.

Ukoko ule ni kutu ya shaba. Chai ikikaa kwenye njia zinazopita umeme, shaba huanza kuliwa, na inaweza kuliwa huku laptopu ikifanya kazi kama kawaida. Umeme ukikatwa, madhara hupungua sana. Ndiyo maana dakika ya kwanza si ya kutafuta kitambaa.

Kausha mikono, zima swichi ya ukutani, ndipo uchomoe chaja. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie, kama sekunde 10 hivi, mpaka laptopu izime kabisa. Najua inauma kuacha faili ambalo hujalihifadhi, lakini kuizima kwa utaratibu wa kawaida kunachukua muda ambao huna. Kama betri yake huchomolewa kwa nje, itoe. Ukiona moshi au betri inavimba, usiiguse, kaa mbali nayo.

Sasa igeuze: kioo kikiwa wazi, kibodi iangalie chini, isimame juu ya taulo kama paa la nyumba, ili chai itoke ilikoingilia. Usiitikise, utaisambaza chai hadi ambako haijafika.

Laptopu nyingi za siku hizi betri iko ndani, na hata zikizimwa bado inapeleka umeme kidogo kwenye mazabodi. Kwa hiyo ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, afungue mfuniko wa chini na kuchomoa waya wa betri. Mwambie wazi kama ni maji au chai, na kama ilikuwa na sukari. Maji matupu, laptopu ikiwa imefunguliwa, mara nyingi hukauka yenyewe kwa siku mbili. Chai ikikauka, sukari na maziwa hubaki, na sukari huvuta unyevu wa hewani. Hapo lazima mazabodi isuguliwe kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi hata chembe ya sukari, na mashine ya kukaushia nywele inaweza kuyeyusha plastiki za kibodi.

Usiiwashe "kujaribu tu" kabla haijafunguliwa.

Mazabodi ya yule dada haikurudi. Diski ilikuwa nzima, nikamtolea kazi yake yote.