Lugha jumuishi ni nini? Kisa cha "mkewe" katika katiba ya mwalo

Lugha jumuishi katika nyaraka ni uandishi usiomwacha nje mtu anayehusika na kifungu, eti kwa sababu ya jinsia yake au hali ya mwili wake. Wengi husema Kiswahili hakina shida hiyo, kwani "yeye" ni wa kike na wa kiume, na "mvuvi" vivyo hivyo. Ni kweli, lakini nusu tu. Kwetu jinsia imejificha kwenye maneno ya ndoa na ukoo.

Niliwahi kupewa kuhariri katiba ya kikundi cha wavuvi wa mwalo mmoja, yaani bandari ndogo ya mitumbwi, hapa Mwanza, Kiswahili kwa wanachama na Kiingereza kwa wafadhili. Kifungu cha rambirambi kilisema: "Mwanachama akifariki, mkewe atalipwa ndani ya siku 14." Humo kikundini wamo akina mama wenye mitumbwi yao. Mmoja wao akifariki, mumewe atadai kwa kifungu kipi? Mtu akapendekeza "mjane wake", lakini mwaloni ukisema mjane watu wanamwona mwanamke. Mwanamume aliyefiwa ni mgane. Tukaandika "mwenzi wake wa ndoa", na kwa Kiingereza "the member's spouse". Mzee mmoja akauliza: na mwenye wake wawili? Swali zuri, ila si la mhariri. Wanachama walikaa, wakaamua wenzi wagawane sawa, ndipo nikaandika "mwenzi au wenzi".

Kiingereza kina ugonjwa wake, nao uko kwenye kiwakilishi: "A fisherman who loses his licence shall report to the chairman." Aliyenitangulia alitia "his or her", kisha akaitafsiri kwa Kiswahili: "leseni yake yeye mwanamume au mwanamke". Hakuna anayezungumza hivyo! Dawa ilikuwa kukiondoa kiwakilishi: "A fisher who loses a licence shall report to the chairperson." Kiswahili kikabaki kama kilivyokuwa: "Mvuvi atakayepoteza leseni yake atatoa taarifa kwa mwenyekiti." Mwenyekiti ni mwenye kiti, awe nani.

Palikuwa pia na "vilema na mazeruzeru hawatalipa ada". Ikawa "wanachama wenye ulemavu, wakiwemo wenye ualbino, hawatalipa ada". Sentensi imerefuka kidogo, lakini mtu ametangulia mbele ya hali yake.

Kifungu kimoja nilikataa kukigusa: "wajumbe 9, wasiopungua 3 wawe wanawake". Ukiandika "wa jinsia zote", mwanamke mmoja anatosha kukitimiza, na viti viwili vimepotea.

Kwa ukaguzi wa mwisho, tafuta kwenye kompyuta "mke", "mume", "baba", "mama" na "mjane" upande wa Kiswahili. "He", "his" na "man" upande wa Kiingereza. Usisahau "akioa", ambayo inaweza kuwa "akifunga ndoa". Ila usitafute "oa" peke yake, utaletewa kila "toa", "ondoa" na "okoa" iliyomo.