Ukinzani wa insulesheni ya mota: kushuka masika, kurudi kiangazi

Waya za shaba zilizosukwa ndani ya mota, yaani waindingi, zimevikwa vanishi na karatasi maalumu ili umeme upite kwenye shaba tu, usivuke kwenda kwenye chuma cha mota. Vazi hilo ndilo mafundi tunaloliita insulesheni. Ukinzani wa insulesheni ni kiasi ambacho vazi hilo linauzuia umeme usivuje, nao hupimwa kwa megaomu. Kifaa cha kupimia ni mega: waya mmoja kwenye waindingi, mwingine kwenye bodi ya mota, unasukuma volti 500 za umeme mnyoofu kwa mota ya volti 400, unangoja dakika moja, unasoma.

Kupima ni rahisi. Kuisoma namba ndiko kwenye kazi, hasa masika.

Kwa mota ndogo na za kati za volti chini ya 1,000, kiwango cha IEEE 43 kinataka angalau megaomu 5, namba ikiwa imerekebishwa kana kwamba waindingi una nyuzi joto 40. Chini ya hapo mota haiwashwi. Hiyo ni sakafu, na watu wengi wameifanya kipimo cha afya: ikisoma 30, fundi anaandika "nzuri" na kuondoka. Lakini 30 ya mota iliyokuwa 32 mwaka jana na 30 ya mota iliyokuwa 600 ni habari mbili tofauti kabisa.

Masika inaishusha namba kwa njia inayoeleweka. Mota inayofanya kazi ina joto, na hewa ndani yake imetanuka. Ikizimwa inapoa, hewa inasinyaa, na mota inavuta hewa ya nje kupitia kwenye shafti na kwenye boksi la terminali. Hewa hiyo ya Machi hadi Mei imejaa mvuke. Usiku chuma kikipoa zaidi, mvuke unageuka matone, vilevile mabati ya nyumba yanavyotoa jasho alfajiri. Utando mwembamba wa maji juu ya waindingi unampa umeme njia ya kupita. Ndiyo maana mota ya akiba, ile inayokaa wiki tatu bila kuwashwa, huumia kuliko mwenzake anayezunguka kila siku.

Maji peke yake hayana neno kubwa, kwa sababu yakikauka namba inarudi. Tatizo ni kinachokaa chini ya maji. Vumbi, grisi iliyovuja kwenye beringi na chumvi ya bahari vikishikamana na waindingi hunyonya unyevu na kuushikilia. Vanishi ikishapata nyufa kwa uzee na joto, unyevu huo unaingia ndani usikofikiwa na upepo. Mota ya namna hii inashuka masika kama zote, ila kiangazi hairudi ilikotoka.

Tuzichukue mota mbili za pampu ya maji mahali kama Tanga, kila moja kilowati 37, zinapimwa kila Februari kukiwa kukavu na kila Mei mvua zikiwa zimekolea. Mota ya kwanza inasoma megaomu 420 Februari, 38 Mei, 410 Februari ya pili, 35 Mei, kisha 415. Ya pili inasoma 360, 95, 190, 44, kisha 98.

Mtu akija Mei ya kwanza na mega yake, ataihofia mota ya kwanza. Ina 38 wakati jirani yake ana 95. Anaweza hata kuagiza ishushwe na kupelekwa kusukwa upya, gharama ambayo haikuhitajika. Ukiwa na daftari unaona kinyume chake. Ya kwanza inaanguka sana, lakini kila kiangazi inarudi kwenye mia nne. Inachohitaji ni hita ndogo ndani ya bodi, inayowaka mota ikizimwa, ili waindingi ubaki na joto kuliko hewa na matone yasitunge. Ya pili ndiyo mgonjwa. Tazama Februari zake tu: 360, 190, 98. Kila mwaka inapoteza karibu nusu. Mei zake nazo zinakwenda hivyohivyo: 95, 44, na ikiendelea, 22, kisha 11, kisha sakafu ya 5. Kwa kawaida mwendo huo huongeza kasi mwishoni, kwa hiyo mimi nisingeipa miaka hiyo yote.

Hapa namba ya kiangazi inasema mengi kuliko ya masika. Ya masika imechanganya unyevu wa hewa na hali ya mota. Ya kiangazi imeondoa unyevu na kukuachia mota yenyewe. Mafundi wengi hupima masika tu kwa sababu ndipo hofu ilipo, wakajinyima kipimo chenye ukweli zaidi. Na unapolinganisha, linganisha kwa mafungu, usitoe. Kutoka 400 hadi 200 na kutoka 20 hadi 10 ni mporomoko uleule wa nusu, ingawa mmoja unaonekana wa megaomu 200 na mwingine wa 10.

Yote haya yanaanguka ikiwa vipimo vyenyewe havifanani. Joto ndilo mdanganyifu mkubwa: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, ukinzani hupungua kama nusu. Mota iliyopimwa waindingi ukiwa na nyuzi 30 ikasoma 160, na ileile ikapimwa ikiwa na nyuzi 50 ikasoma 40, haijabadilika chochote; kwa nyuzi 40 zote mbili ni 80. Hesabu yake ni hii, `T` ikiwa joto la waindingi:

```
R40 = R × 0.5^((40 − T) / 10)
```

Kanuni hii inaaminika kwenye waindingi mkavu. Ukiwa umelowa, joto linakausha huku linapunguza, na hesabu inapotoka. Kwa hiyo mimi huchagua hali moja na kubaki nayo: mota imezimwa tangu jana yake, saa ileile ya asubuhi, volti zilezile, dakika moja kamili, kebo imefunguliwa kwenye boksi la terminali. Kebo ikiachwa imefungwa, unapima kebo na mota kwa pamoja, na kebo iliyoingia maji itakufanya uihukumu mota bure. Ukimaliza, unganisha waindingi na ethi kwa angalau dakika nne kabla ya kugusa, maana chaji inabaki.

Jambo jingine la kuandika daftarini, mota ikiwa na terminali sita: ondoa vipande vya kuunganishia na upime kila fezi peke yake. Unyevu hushusha zote tatu karibu sawasawa. Fezi moja ikiwa na 12 na wenzake 150, hapo kuna mahali pamoja palipochubuka au kuungua, na kukausha hakutasaidia.

Mota ya pili ya mfano wetu ilistahili kushushwa Februari ile ya 190, kuoshwa chumvi na grisi, kuwekwa kwenye oveni ya nyuzi 90 hivi na kupigwa vanishi upya. Ukiwa unaikausha, usishtuke mega ikisoma kidogo zaidi saa za mwanzo. Joto linapanda na unyevu unatoka ndani kuja juu. Baadaye namba inageuka na kupanda, na ikishatulia kwa saa kadhaa bila kusogea, imekauka. Ipoe, uipime kwa hali yako ileile ya kila siku, na namba hiyo uianzishie ukurasa mpya wa daftari.